Mfumo wa kuwakumbusha walezi tarehe za chanjo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto, watunza takwimu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii (WAJA) wa Moshi na Arusha wanaotumia au wanaotaka kuanza kutumia orodha ya kompyuta kupanga tarehe za kurudi, kuwaona waliopitiliza na kutuma meseji. Maswali mawili ya mwisho ni ya walezi. Sehemu kubwa inahusu tarehe ya kurudi, kwa sababu hapo ndipo mambo mengi huharibikia.

Mfumo unafanya nini hasa?

Unafanya kazi tatu. Mtoto akichanjwa leo, unakokotoa siku ya kurudi. Kila asubuhi unatoa orodha ya wanaotarajiwa siku hiyo. Jioni, wale ambao hawakuja unawapeleka kwenye orodha ya pili, ambayo wengi tumezoea kuiita orodha ya watoro. Meseji ni mkia tu wa kazi hizo tatu. Orodha ikiwa na makosa, meseji zitafika kwa watu wasiohusika, tena kwa tarehe zisizo sahihi, na baada ya miezi miwili hakuna mlezi atakayezijali.

Neno "mtoro" lenyewe lina shida kidogo. Linamhukumu mama kabla hajaulizwa. Mtoto anaweza kuwa amechanjwa Machame, au alikuja Jumatano akaambiwa chanjo imekwisha. Ndani ya mfumo ni heri kuandika "amepitiliza tarehe", neno linaloeleza kilichoonekana bila kudai linajua sababu.

Je, unachukua nafasi ya rejesta na TImR?

Hapana. Mkoa wa Arusha ndio uliotangulia nchini kutumia TImR, rejesta ya chanjo ya kielektroniki iliyojengwa chini ya mpango wa BID wa PATH na Wizara ya Afya, na Kilimanjaro ikafuata. Kituo chenye TImR inayofanya kazi kianzie humo, maana orodha ya wanaotarajiwa na ya waliopitiliza tayari zimo. Orodha ya Excel inayoelezwa hapa ni kwa kituo ambacho mtandao unasumbua, kishikwambi kimeharibika, au kinachotaka kufuatilia simu na ziara za nyumbani kwa undani zaidi. Rejesta ya MTUHA na kadi ya mtoto vinaendelea kujazwa kama kawaida. Tarehe iliyo kwenye kadi na ile ya kwenye kompyuta zikitofautiana, iaminike kadi hadi ithibitishwe vinginevyo.

Tarehe ya kurudi inakokotolewaje?

Ratiba ya mtoto inajulikana. Akizaliwa anapata BCG na matone ya polio ya mwanzo. Wiki ya 6 anapata matone ya polio, Penta, chanjo ya nimonia na ya kuhara. Wiki ya 10 anarudia hizo nne. Wiki ya 14 anapata polio ya matone na ya sindano, Penta na nimonia. Surua-Rubela ni miezi 9, kisha miezi 18.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kukokotoa tarehe zote kutoka siku ya kuzaliwa na kuziacha hapo. Kwa mtoto anayekuja kwa wakati hesabu hiyo haina tatizo. Kwa aliyechelewa ni hatari, kwa kuwa kati ya dozi moja ya Penta na inayofuata lazima zipite angalau wiki 4. Kwa hiyo kila dozi ina masharti mawili, umri wa mtoto na siku zilizopita tangu dozi iliyotangulia. Tarehe sahihi ni ile iliyo mbele zaidi kati ya hizo mbili, kisha inasogezwa hadi siku ya kliniki iliyo wazi. Inasogezwa mbele, kamwe siyo nyuma.

Kwenye Excel, tuseme safu ya B ni tarehe ya kuzaliwa, D ni siku aliyopata Penta ya pili, na umeandaa orodha ya siku za mapumziko ukaipa jina `Sikukuu`. Tarehe ya Penta ya tatu itakuwa:

```
=IF(D2="","",WORKDAY(MAX(B2+98,D2+28)-1,1,Sikukuu))
```

Namba 98 ni wiki 14, na 28 ni wiki 4. Sehemu ya `IF` isiachwe. Ukiiondoa, mtoto ambaye hajapata dozi ya pili atapangiwa ya tatu, kwa sababu Excel huihesabu seli tupu kuwa sifuri. `WORKDAY` inaruka Jumamosi, Jumapili na sikukuu ulizoorodhesha. Idd huthibitishwa mwezi ukiandama, kwa hiyo iingize tarehe inayokadiriwa na uirekebishe baadaye.

Tuonyesheni mtoto mmoja kuanzia mwanzo.

Tuchukue mtoto wa mfano, tumwite Neema, anayeishi Majengo, Moshi. Amezaliwa Jumatatu tarehe 6 Januari 2025. Wiki ya 6 inaangukia 17 Februari, ya 10 ni 17 Machi, na ya 14 ni 14 Aprili.

Tarehe 17 Februari mama analeta mtoto, chanjo zote nne zinatolewa. Mfumo unampangia 17 Machi. Meseji ya kwanza inatoka 14 Machi, ya pili 16 Machi. Tarehe 17 inapita, mama haonekani. Siku tatu za mwanzo hatufanyi lolote, kwa sababu wengi wanaochelewa siku moja au mbili hujileta wenyewe. Tarehe 20 inatoka meseji ya tatu. Tarehe 24, siku ya saba, muuguzi anapiga simu. Anapokea baba na kusema mama yuko Rombo kwa bibi wa mtoto, atarudi mwanzoni mwa Aprili. Muuguzi anamwambia kwamba mtoto anaweza kuchanjwa kwenye kituo chochote huko Rombo mradi kadi iwepo, kisha anaandika kwenye safu ya maelezo: "Rombo, anarudi mwanzo wa Aprili, kasema baba." Kwa maelezo hayo, orodha inayokabidhiwa kwa WAJA siku ya Jumanne 1 Aprili inamtaja Neema kama mtoto wa kuthibitishwa kama amerudi. Bila maelezo hayo WAJA angezunguka Majengo nzima akitafuta mlango uliofungwa.

Alhamisi tarehe 3 Aprili mama anafika. Kadi inaonyesha hakuchanjwa Rombo, hivyo anapewa dozi za wiki ya 10. Sasa dozi ya tatu iwe lini? Kwa umri ni 14 Aprili. Lakini hiyo ni siku 11 tu tangu dozi ya pili. Siku 28 kutoka 3 Aprili zinafika 1 Mei, ambayo ni mbele zaidi, kwa hiyo inachukuliwa hiyo. Tarehe 1 Mei ni Mei Mosi, kliniki imefungwa. Fomula inasogea hadi Ijumaa 2 Mei, na hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye kadi kwa kalamu mbele ya mama.

Ucheleweshaji huu haugusi Surua-Rubela. Miezi 9 ya Neema inatimia 6 Oktoba 2025 vilevile, na miezi 18 inatimia 6 Julai 2026. Kuna mifumo inayosukuma ratiba yote mbele kila dozi moja inapochelewa. Huo ni ubovu, kwani mtoto hulipia ucheleweshaji uleule mara mbili.

Mfumo umemwita mtoto mapema kuliko inavyopaswa ingawa fomula ni sahihi. Kwa nini?

Kwanza angalia mpangilio wa tarehe kwenye kompyuta. Mashine nyingi zinakuja zikiwa zimewekwa kusoma mwezi kwanza, ndipo siku. Mtunza takwimu anaandika 03/04/2025 akimaanisha 3 Aprili, kompyuta inasoma 4 Machi. Kwa Neema, siku 28 baada ya 4 Machi ni 1 Aprili, ambayo iko nyuma ya 14 Aprili, kwa hiyo fomula inatoa 14 Aprili bila kulalamika. Mama anakuja siku hiyo kwa uaminifu wote, na muuguzi asipoisoma kadi anatoa dozi isiyohesabika.

Dalili yake inaonekana kwa macho. Tarehe zenye siku kuanzia 13 haziwezi kusomeka kama mwezi, kwa hiyo Excel huziacha kama maandishi na kuzipanga upande wa kushoto wa seli, wakati nyingine ziko kulia. Ukiona safu ya tarehe imegawanyika hivyo, simamisha meseji zote kwanza. Kubadilisha mpangilio wa mashine pekee hakutoshi, kwa sababu zilizokwisha kusomwa vibaya zinabaki vibaya. Itabidi zirudiwe kutoka rejesta, moja baada ya nyingine. Kinga rahisi ni kuandika jina la mwezi: 3-Apr-2025.

Meseji iandikweje?

Fupi, bila jina la chanjo wala ugonjwa. Simu nyingi za familia hupita mikono mingi, na taarifa za afya ya mtoto hazipaswi kusomwa na kila anayeishika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, kwa hiyo mlezi aulizwe siku ya kuandikishwa kama anakubali kutumiwa meseji, na jibu lake liandikwe. Kwa mtoto anayefuatiliwa kwa sababu mama anaishi na VVU, mwongozo ni uleule bila nyongeza: asitumiwe meseji tofauti na ya wengine, maana tofauti yenyewe inasema.

```
Habari mama Neema. Mtoto anatarajiwa kliniki Ijumaa tarehe 2 Mei saa 2 asubuhi. Njoo na kadi. Ukishindwa, piga simu kliniki.
```

Angalia saa. Mfumo uliotengenezwa nje ukiandika "8:00", wapo watakaokuja saa nane mchana wakati chanjo zimesharudishwa kwenye friji na kliniki inafagiliwa. Andika saa ya Kiswahili pamoja na asubuhi au mchana.

Meseji moja hubeba herufi 160, na hiyo hapo juu haifiki 130 pamoja na nafasi. Lakini kuna mtego. Ukiweka alama moja isiyo kwenye seti ya kawaida ya GSM, kikomo kinashuka hadi herufi 70, na meseji hiyohiyo inalipiwa kama mbili. Alama inayoleta hasara hiyo huku kwetu ni ya ng'. Ukiandika jina kama Ng'iresi kwenye programu ya kuandikia barua, programu hubadilisha alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, na hiyo iliyopinda haimo kwenye seti. Gharama ikipanda ghafla bila idadi ya watoto kuongezeka, tafuta hapo kwanza.

Jambo la pili ni jina la mtumaji. Ukisajili jina la kituo badala ya namba (mwisho herufi 11), meseji huonekana rasmi na mlezi haidhanii kuwa ya matapeli, lakini hawezi kuijibu. Ndiyo sababu inamwambia apige simu. Namba ya kliniki iwe imechapwa kwenye kadi, na simu yenyewe iwe na mtu wa kuipokea.

Namba za simu zinapotea. Tufanyeje?

Nyingine hazijapotea, zimekatwa na Excel. Ukiandika 0754 na namba zinazofuata kwenye seli ya kawaida, sifuri ya mbele inaondoka. Igeuze safu kuwa ya maandishi kabla ya kuanza kuandika.

Zilizobaki ni kweli zimebadilika. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na baadaye hupewa mtu mwingine, kwa hiyo baada ya miezi kumi meseji ya Surua-Rubela inaweza kumfikia kijana wa Sakina asiye na mtoto. Kila hudhurio muuguzi aulize: "Namba yako bado ni ileile?" Achukue na namba ya pili ya mtu asiyehama, mara nyingi bibi au jirani, na aandike ni nani kwa mtoto. Pia aandike kitongoji na alama ya kumfikia, kama vile nyuma ya kanisa, karibu na mashine ya kusaga, au jina la balozi. Kwa familia zinazohama na mifugo upande wa Monduli na Longido, namba ya mwenyekiti wa kitongoji ina faida kuliko meseji kumi.

Tunafunga vipi suala la Surua-Rubela na vichupa?

Hapa mfumo unaleta faida ambayo rejesta ya karatasi haileti kwa urahisi. Kichupa cha Surua-Rubela cha dozi 10 kikishachanganywa na maji yake kinapaswa kutumika ndani ya saa 6 au hadi mwisho wa kikao, chochote kitakachotangulia, na kinachobaki kinatupwa. Penta haina shida hiyo. Kichupa chake kilichofunguliwa kinaweza kutumika hadi siku 28 kikihifadhiwa inavyotakiwa. Kwa kuogopa kutupa dozi, vituo vingi vimejiwekea siku maalumu ya surua, tuseme Jumanne. Mama anayekuja Jumatatu na mtoto wa miezi 9 anaambiwa arudi kesho. Kesho ni siku ya soko, naye ana ndizi za kuuza.

Weka siku ya surua ndani ya hesabu ya tarehe. Neema anatimiza miezi 9 Jumatatu 6 Oktoba, kwa hiyo apangiwe Jumanne 7 Oktoba tangu mwanzo, pamoja na wenzake wote wa wiki hiyo. Orodha ya Jumanne ikionyesha watoto 4, muuguzi anajua mapema kwamba kichupa kimoja kitatosha na kwamba kuna nafasi 6. Hapo anafungua orodha ya waliopitiliza na kuwapigia simu wanaoishi karibu wajaze nafasi hizo. Dozi hazitupwi na watoto wa nyuma wanakamata ratiba kwa kichupa kilekile.

Miezi 18 ya Neema ni Jumatatu 6 Julai 2026, na Jumanne yake ni 7 Julai, Sabasaba. Katika wiki kama hiyo hamisha kikao kizima kwenda Jumatano. Usimsogeze kila mtoto wiki moja mbele, kwani Jumanne inayofuata itakuwa na watoto wa wiki mbili.

Siku maalumu ni ya kupanga, siyo ya kukatalia. Mtoto aliyekwishapitiliza akija Alhamisi, kichupa kifunguliwe hata kama yuko peke yake. Dozi tisa zinazotupwa zinauma, lakini mtoto huyo ndiye mfumo mzima ulikuwa unamtafuta.

Mtoto alikuja lakini chanjo ilikuwa imekwisha. Aandikweje?

Asiandikwe kama aliyepitiliza. Mpe hali yake ya pekee, "alikuja, chanjo haikuwepo", na mfumo usimtumie meseji yoyote hadi mzigo ufike. Mzigo ukifika, hao ndio wa kwanza kuitwa. Mama aliyelipa nauli ya daladala akarudishwa, halafu kesho akapata meseji ya kumlaumu kwa kutokuja, ni vigumu kumpata tena.

Hali nyingine zinazohitajika ni chache: anatarajiwa, amechanjwa, amepitiliza, amehama na amefariki. Hiyo ya mwisho isisahaulike. WAJA akileta habari ya msiba, meseji za mtoto huyo zifungwe siku hiyohiyo kabla ya jambo lingine lolote, na zile za namba ya pili zifungwe pia.

Desemba orodha yetu huvurugika kabisa. Ni nini?

Ni watu kupanda Kilimanjaro kwa Krismasi. Kuanzia katikati ya Desemba vituo vya Marangu, Machame na Rombo hupokea watoto wa Dar es Salaam, na watoto wa Arusha mjini hutoweka kwenye orodha za Arusha. Kituo cha mlimani kikiwaandikisha wageni kama watoto wake, Februari kitakuwa na waliopitiliza wengi ambao kwa kweli wako Mbagala. Kituo cha mjini nacho kitawatafuta waliokwishachanjwa kwa bibi.

Mgeni achanjwe, kadi yake ijazwe, aandikwe kwenye rejesta, lakini kwenye mfumo apewe alama ya "mgeni" isiyozaa tarehe ya kurudi wala meseji. Kwa kituo cha nyumbani, wiki mbili za mwanzo za Januari zitumike kuuliza kadi kabla ya kuhesabu. Maneno tu hayatoshi kuandika dozi. Kama kadi imepotea na rejesta haionyeshi kitu, dozi hiyo inachukuliwa kuwa haijatolewa. Kurudia dozi aliyoipata bila kumbukumbu si hatari kama kumwacha bila kinga.

Kwa nini mapacha wanapotea?

Kwa sababu wana mama mmoja, simu moja na siku moja ya kuzaliwa, na programu ya kuondoa waliojirudia inawaona kama mtoto mmoja aliyeandikwa mara mbili. Tatizo hilo linazidi pale watoto wanapoandikishwa kwa BCG kabla hawajapewa majina, wote wawili wakiwa "mtoto wa" fulani. Waandike "pacha 1" na "pacha 2" tangu kuzaliwa, kila mmoja na namba yake ya kadi, na usiruhusu kompyuta iunganishe watu bila mtu kuangalia. Jina likipatikana, lirekebishwe kwenye mstari uleule, usifunguliwe mstari mpya.

Tutajuaje kama mfumo unasaidia?

Linganisha waliopata Penta ya kwanza na waliopata ya tatu. Kama kati ya watoto 40 walioanza 33 wamemaliza, waliokatika ni 7, yaani asilimia 17.5. Zaidi ya asilimia 10 huhesabiwa kuwa tatizo la kuwarudisha watoto, siyo la kuwapata.

Ila hesabu kwa kundi la waliozaliwa mwezi mmoja, na usiwe na haraka. Mtoto aliyezaliwa 31 Januari 2025 anatimiza wiki 14 tarehe 9 Mei, kwa hiyo kundi la Januari lisisomwe kabla ya mwisho wa Mei. Ukisoma Aprili utawahesabu kama waliokatika watoto ambao siku yao haijafika, na utapeleka WAJA kwenye nyumba zisizo na kosa.

Kipimo kingine kidogo ninachokiona cha maana kuliko asilimia: kati ya majina aliyokabidhiwa WAJA Jumanne, mangapi yamerudi na maelezo Jumanne inayofuata? Karatasi ikirudi tupu wiki tatu mfululizo, hakuna ufuatiliaji, hata kama kompyuta imetuma meseji mia mbili. Majina yasizidi 8 au 10 kwa WAJA mmoja kwa wiki. Ukimpa 30 atachagua mwenyewe, na atachagua walio karibu na barabara.

(Mlezi) Nimechelewa miezi miwili. Tunaanza upya?

Hapana. Dozi alizokwishapata mwanao zinahesabika, mnaendelea pale mlipoishia. Leta kadi. Kama imepotea, njoo hivyohivyo na utaje mwezi mtoto alipoandikishwa, ili atafutwe kwenye rejesta. Chanjo hizi kwenye vituo vya serikali hazilipiwi, na kuchelewa hakuna faini.

(Mlezi) Meseji imefika lakini mtoto ana mafua. Nisubiri?

Njoo. Mafua, kikohozi kidogo au joto dogo la mwili haviahirishi chanjo. Mtoto aliyelegea, anayekataa kunyonya au mwenye homa kali naye aletwe, ila kwa ajili ya matibabu kwanza. Muuguzi ataamua kuhusu chanjo na kuandika tarehe mpya kwenye kadi. Na kama siku uliyopewa huiwezi kabisa kwa kazi au safari, piga simu kabla haijafika. Kubadilisha tarehe kunachukua dakika moja, na jina lako halitaingia kwenye orodha anayokabidhiwa WAJA Jumanne.